Mvua ya Beseni na Kilima cha Trei

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alifika nyumbani Jumamosi moja na trei tatu za bati, ndoo ya udongo wa shambani na keni ya kumwagilia bustani. Alikuwa na kazi ya jiografia: kuonyesha jinsi ukali wa mteremko unavyoongeza mmomonyoko wa udongo. Alijaza trei, akainua ya kwanza kwa tofali moja, ya pili kwa mawili, ya tatu kwa matatu, kisha akamimina keni nzima ya lita 9 juu ya kila moja. Kila mvua ilidumu kama dakika moja. Trei ya tatu ilitapika tope hadi uani.

"Mjomba, umeona? Mlima mkali ndio unaomaliza udongo."

Niliona tope, lakini sikuona mvua. Nikamwomba tupige hesabu kidogo kabla hajaandika chochote. Trei yake ilikuwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, yaani mita za mraba 0.18. Lita moja ya maji ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba hufanya kina cha milimita moja, ndicho kipimo kinachotumika kupimia mvua. Lita 9 gawanya kwa 0.18 ni milimita 50. Kwa hiyo alikuwa amenyesha milimita 50 ndani ya dakika moja. Mwezi Februari 1970, huko Mgeta katika milima ya Uluguru, zilinyesha zaidi ya milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakaacha makovu kwenye miteremko. Keni ya mpwa wangu ilileta nusu ya mvua ile kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Kwa kipigo cha namna hiyo hata uwanja wa mpira ungetoa tope.

Tukaanza upya, na tukaanza na mvua, si na mlima.

Lita 9 zilezile zikichukua nusu saa, ni mililita 300 kwa dakika, sawa na milimita 100 kwa saa. Hiyo bado ni mvua kali sana, ila ni mvua inayotokea kweli katika nchi zetu. Tulichukua beseni pana kuliko trei, tukalitoboa matundu mengi kwa sindano iliyochomwa moto, tukalining'iniza. Trei tupu ikawekwa chini yake, tambarare, na maji yaliyoingia kwa dakika tano yakapimwa kwa jagi. Yalitakiwa yawe lita moja na nusu; yakizidi, unaziba matundu kadhaa kwa nta ya mshumaa. Maji ndani ya beseni lazima yakae usawa uleule muda wote, kwa sababu yakipungua, msukumo hupungua na mvua hupoa. Mpwa wangu alichora mstari wa kalamu ndani ya beseni akawa anaongeza maji kwa kikombe kila yaliposhuka chini yake.

Maji ya tundu hayashuki kama mvua. Mara nyingi hutoka kama uzi na kutoboa udongo mahali palepale, na ukiona vishimo vilivyopangana kama matundu ya beseni lako, ujue unachopima ni beseni. Dawa yake ni wavu wa chekeche uliotandazwa kama sentimita 20 chini ya beseni. Uzi wa maji ukigonga wavu hukatika na kuwa matone yanayoangukia huku na kule.

Ukubwa wa matone nao hupimika, tena jikoni. Mwaka 1904 Mmarekani Wilson Bentley, yule aliyejulikana kwa kupiga picha chembe za theluji, alieleza jinsi alivyopima matone ya mvua kwa unga. Unachukua sinia lenye unga wa ngano uliochekechwa, kina cha sentimita mbili hivi, unalipitisha kwenye mvua kwa sekunde chache tu, unaliacha likauke, kisha unachekecha. Kila tone huacha kidonge chake, na ukubwa wa kidonge hukaribia ule wa tone. Dada yangu hakufurahia kuona unga wake wa chapati ukifanyiwa utafiti, lakini vidonge vilitoka.

Kuna jambo moja ambalo hakuna beseni linaloweza kulimaliza. Tone kubwa la mvua, lililoanguka kutoka mawinguni, hugonga ardhi kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Tone lililoanguka mita moja haliwezi kuvuka mita 4.4. Nguvu ya kugonga hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo tone la beseni hubeba takribani robo tu ya nguvu ya tone halisi la ukubwa uleule. Maana yake ni kwamba majibu ya trei huweza kulinganishwa yenyewe kwa yenyewe, trei hii na ile, lakini hayawezi kuchukuliwa hivi hivi kuwa ndiyo hasara ya shamba la jirani.

Baada ya mvua, udongo. Trei tatu hazina maana kama moja ina mabonge, nyingine ina vumbi. Udongo wote ulichekechwa, ukachanganywa, na kila trei ikapewa uzito uleule, kilo 10.8, ukashindiliwa kwa ubao mpaka ukafika kina cha sentimita 5. Chini tulitoboa matundu na kutandika kitambaa, ili maji yanayozama yawe na pa kutokea. Bila hivyo udongo hugeuka uji, na uji hauhitaji mlima ili utiririke. Usiku wa kuamkia jaribio trei zote zililoweshwa kwa maji kiasi kilekile.

Na kila mvua ilipewa udongo mpya. Hapa wanafunzi wengi huteleza, kwa kuwa kubeba kilo 10 za udongo mara kwa mara kunachosha. Matone hupasua vibonge vidogo vya udongo, chembe laini huziba vinyweleo, na juu hutanda ukoko mgumu. Udongo wenye ukoko hunywa maji kidogo na hutoa chembe kwa namna tofauti na ule ambao haujanyeshewa. Ukiinamisha trei ileile kwanza nyuzi 5, kisha 10, kisha 20, mwishoni unapima mambo mawili kwa pamoja, mteremko na uchovu wa udongo, na hakuna wa kukutenganishia.

Mteremko wenyewe ndio uliokuwa rahisi kuliko vyote. Kwa trei ya sentimita 60, ukiinua ncha moja sentimita 5.2 unapata nyuzi 5, sentimita 10.4 ni nyuzi 10, sentimita 20.5 ni nyuzi 20. Na sentimita 30, nusu kamili ya urefu, ni nyuzi 30. Rula inatosha. Lakini trei iliyoinama hupokea mvua kidogo kuliko iliyolala. Simama juu yake uitazame kama mvua inavyoitazama: kwa nyuzi 30, ule urefu wa 60 unaonekana kama 52. Badala ya lita 9 inapata lita 7.8 tu. Asiyelijua hili huipunguzia mvua trei ya mlima mkali bila kukusudia. Ndiyo maana hasara ya udongo hugawanywa kwa eneo linaloonekana kutoka juu, kama ramani inavyopima shamba.

Mfereji wa bati mdomoni mwa trei ulipeleka tope kwenye ndoo. Udongo wa mfinyanzi huelea siku nzima, kwa hiyo tulitia shabu kidogo, ileile ya kusafishia maji ya kisima, kiasi sawa kila ndoo. Tope likatuama, maji ya juu yakamwagwa polepole, na lililobaki likakaushwa mpaka mizani ikarudia namba ileile mara mbili. Namba hiyo husomwaje? Tuseme trei ya nyuzi 5, ambayo upungufu wake wa eneo ni mdogo mno, imetoa gramu 36. Gawanya kwa 0.18, ni gramu 200 kwa mita ya mraba, yaani tani 2 kwa hekta kwa mvua moja.

Trei za mpwa wangu zilipanda kama alivyotarajia, ila kidogo kuliko alivyotarajia, na maji yaliyotiririka hayakutofautiana sana. Hilo halikuwa kosa. Kanuni ambayo Wischmeier na Smith waliichapisha Marekani mwaka 1978 inaonyesha kwamba ukitoka nyuzi 5 hadi 10 hasara huongezeka karibu mara tatu, lakini kipande chao cha rejea kilikuwa na urefu wa mita 22 na ushee. Kwenye urefu huo maji hupata muda wa kukusanyika, kukaza mwendo na kuchimba michirizi, na mchirizi ukishaanza hujichimbia wenyewe. Kwenye sentimita 60 maji yanafika ndooni kabla hayajajua kuchimba. Kazi kubwa ya trei hufanywa na matone yanayorusha chembe, na tabaka jembamba la maji linalozisomba.

Trei ya nyuzi 30, kwa upande wake, ilitudanganya kwa njia nyingine. Dakika ya 20 hivi, pande la udongo liliteleza zima zima likaangukia mferejini, na uzito ndooni ukaruka. Dalili zake ni wazi: mabonge badala ya tope, na kovu lenye umbo la mwezi mchanga upande wa juu. Huo si mmomonyoko wa kusombwa, ni poromoko, ndugu mdogo wa yale ya Mgeta. Tuliliandika kando, tukarudia jaribio, wala hatukuliingiza kwenye wastani.

Jioni alitaka kufunga daftari. Nikamwambia atengeneze trei mbili zaidi: moja ya nyuzi 20 iliyotandazwa nyasi kavu, nyingine ya nyuzi 5 iliyo tupu. Maji ya ile ya nyuzi 20 yalitoka machache, meupe kiasi cha kuona chini ya ndoo. Ya nyuzi 5 yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Alikaa kimya akizitazama ndoo mbili.

Jambo hilo lilishapimwa shambani, tena hapahapa nchini. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930, vipande vya majaribio viliwekwa kwenye mteremko wa nyuzi 3.5 tu, mlalo zaidi kuliko trei yetu yoyote. Kipande kilichoachwa uchi kilipoteza nusu ya mvua yote na tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka, karibu sentimita moja ya udongo wa juu. Kilicholimwa kilipoteza tani 78. Kilichobaki na kichaka chake kilipoteza chini ya asilimia moja ya mvua, na udongo wake haukwenda popote.