Kufasiri Hisia: Wito wa Hoteli Chini ya Uwanda wa Makonde

Mtu anayefasiri maelezo ya dawa hana budi kufuata kila neno, kwa kuwa neno moja likipotea mgonjwa aweza kudhurika. Lakini iko aina ya maandishi ambayo hupotea yote endapo maneno yake yatafuatwa. Mfano wake ni wito wa hoteli ya kitalii, yaani ile kauli fupi iandikwayo chini ya jina la hoteli, pamoja na kichwa cha kijitabu chake cha matangazo. Kauli hizo hazimfundishi msomaji jambo. Kazi yake ni kumfanya ahisi jambo. Kwa hiyo kinachopaswa kuvushwa kutoka lugha moja hadi nyingine ni ile hisia, na maneno yaweza kubadilika yote. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa kutumia mfano mmoja.

Tuchukue kwamba hoteli ndogo inajengwa Ndanda, chini ya mteremko wa uwanda wa juu wa Makonde, kiasi cha kilometa 40 kutoka Masasi. Mwenyewe ameandika wito wake kwa Kiingereza. Ni msemo uliozoeleka katika matangazo ya mahoteli, na maneno yake, yakifuatwa moja baada ya jingine, ni haya: "Toroka, uwe mbali na vyote." Sasa anataka wito huo kwa Kiswahili, uandikwe kwenye kibao cha barabarani na usomwe na wasafiri wa Lindi, Mtwara na Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza ni kuiweka tafsiri hiyo ya neno kwa neno mezani na kuikagua. Anayetoroka kwa Kiswahili ni mfungwa, au mwanafunzi mtoro, au mtu mwenye deni. Tukisema "kimbia" badala ya "toroka", mambo yanazidi kuwa mabaya. Katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964 na kwisha mwaka 1974, maelfu ya watu walivuka mto Ruvuma na kuingia upande huu. Wazee wa Newala na Masasi wanawajua watu waliokimbia kwa nyuso zao, na jina "mkimbizi" limetokana na kitenzi hicho hicho. Nayo maneno "mbali na vyote" yanamtenga msafiri na jamaa zake, na kwetu aliye mbali na watu wake huonewa huruma. Hivyo maneno yote ni sahihi, na hisia imegeuka kinyume.

Hatua ya pili ni kuuliza mwenye wito alikusudia msomaji ahisi nini. Jibu liandikwe kwa sentensi moja ya kawaida, kabla ya kutafuta maneno yoyote mazuri. Hapa jibu ni hili: msomaji ahisi nafuu ya mtu ambaye taabu yake imekwisha. Tangu hapo mfasiri anauacha ule msemo wa Kiingereza, na anaifasiri sentensi hii.

Hatua ya tatu ni kutafuta mahali ambapo watu wa lugha ya pili huipata hisia hiyo katika maisha yao. Neno la kwanza kuja ni "kutua". Mzigo hutuliwa, ndege hutua, na jua nalo hutua; yote matatu yana utulivu. Kutokana na neno hilo twaweza kupata "Hapa ndipo pa kutua", kauli yenye mizani minane, inayokaa vizuri mdomoni.

Hata hivyo, kauli hiyo ina kosa ambalo mtu wa mbali hataliona. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, na mvua huzama chini sana. Maji hutokea tena katika chemchemi zilizo chini ya mteremko. Kabla ya maji ya bomba kuanza kupandishwa juu, akina mama waliteremka mwendo mrefu kuyafuata, kisha wakapanda nayo kichwani. Kwa hiyo chini, upande wa Ndanda, ndiko mtu alikojitwika. Kutua kulikuwa nyumbani, juu. Mtu aliyekulia uwandani akikiona kibao chetu atacheka, au atakumbuka uchovu. Wito huo ungeifaa hoteli iliyo juu, Newala, wala si hii.

Lakini historia hiyo hiyo yatupa jibu. Aliyeteremka tangu alfajiri alipata nafuu wakati gani? Alipofika kwenye chemchemi na kunywa. Tukiandika "Umefika penye maji", nayo yenye mizani minane, tumeipata ile nafuu, tena katika mahali pake. Msafiri wa Dar es Salaam asiyeijua habari ya uwanda ataielewa vilevile, maana kiu ni ya watu wote.

Hatua ya nne ni majaribio. Waonyeshwe watu kadhaa wasiohusika na kazi hiyo, wazee kwa vijana, wenyeji kwa wageni, wala wasielezwe lolote. Wasiulizwe kama kauli ni nzuri, kwa kuwa kwa adabu watasema ni nzuri. Waulizwe: "Umewaza nini kwanza?" Wengi wakijibu kwamba hapo huuzwa maji au huchimbwa visima, kosa laweza kuwa katika kibao: jina la hoteli liandikwe kubwa zaidi, au picha ibadilishwe. Kesho yake waulizwe tena, waitaje kauli hiyo bila kuisoma. Wakiibadilisha neno, yafaa kuyasikiliza mabadiliko yao. Mara nyingi ulimi wa watu hurekebisha kile ambacho kalamu imekosea.

Mwisho, mwenye hoteli apewe maelezo kwa lugha yake: maana ya kauli mpya neno kwa neno, hisia inayoletwa, na sababu ya kuuacha wito wa awali. Bila maelezo hayo ataona kwamba aliomba habari ya kutoroka akaletewa habari ya maji.

Kazi hii huenda pande zote mbili. Newala kuna bonde kuu lenye kingo za kutisha, liitwalo Shimo la Mungu. Kwa Kiswahili, kitu kikiitwa "cha Mungu" kwa namna hiyo, tunaelewa kwamba ukubwa wake umepita kazi ya binadamu. Lakini neno la Kiingereza, la Kijerumani au la Kifaransa lenye maana ya shimo hutumika pia kwa makao duni au mji uliosahauliwa. Kichwa cha kijitabu kikilifasiri jina hilo neno kwa neno, mgeni atadhani anaitwa mahali pabaya. Njia salama ni kuliacha jina katika Kiswahili chake, na kuitoa hisia yake katika kichwa chenyewe, kwa mfano kwa maneno yenye maana hii: "Ardhi inakatika, macho yanaendelea."

Uko mpaka mmoja ambao ufundi wa lugha hauwezi kuuvuka. Mfasiri aweza kubadili kila neno la wito, lakini hana ruhusa ya kuongeza ahadi. Hoteli iliyoandika "Umefika penye maji" ikifungua bomba likatoa upepo, kauli ile ile iliyomvuta mgeni ndiyo atakayoisimulia huko aendako, kwa kejeli. Kwa hiyo kabla ya kibao kupakwa rangi, mfasiri aende mwenyewe Ndanda mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa bado, akafungue lile bomba.