Tovuti ya Milioni 40: Gharama au Mali?

Tuchukue mfano wa kampuni inayouza vitenge Kariakoo. Imetumia shilingi milioni 40 kutengeneza tovuti, na mwenye kampuni anataka fedha zote ziingie kwenye mizania kama mali, ili faida ya mwaka isipungue. Mhasibu wake anakataa.

Hesabu zinazofuata viwango vya kimataifa zinaongozwa hapa na IAS 38, kiwango cha mali zisizoshikika, pamoja na ufafanuzi wake kuhusu tovuti, SIC-32, ulioanza kutumika mwaka 2002. Swali la kwanza ni kazi ya tovuti yenyewe. Kama inaonyesha tu picha za vitenge na namba ya simu, hilo ni tangazo, na milioni 40 zote ni gharama za mwaka huo, kwa sababu kampuni haiwezi kuthibitisha mapato yanayoletwa na tovuti. Mteja akiweza kuagiza na kulipa humo humo, hali hubadilika.

Hata hivyo, si kila shilingi inakuwa mali. Milioni 4 zilitumika kuchunguza mahitaji na kulinganisha mafundi. Huo ni upangaji, na ni gharama. Milioni 3 za kupiga picha bidhaa ni matangazo. Milioni 3 za kufundisha wafanyakazi nazo ni gharama. Zinabaki milioni 30 za kuandika programu ya mauzo na malipo na kusanifu kurasa. Hizo ndizo mali, mradi kampuni ionyeshe kwamba kazi inawezekana kiufundi, ina fedha na nia ya kuimaliza, na tovuti italeta mapato.

Mali hiyo huanza kugeuzwa gharama kidogo kidogo siku tovuti inapokuwa tayari kutumika, hata kama wateja hawajaanza kuingia. Tuseme ilikuwa tayari Julai 1 na itatumika miaka mitatu: ni milioni 10 kwa mwaka, hivyo hadi Desemba 31 ni milioni 5. Ukijumlisha na zile milioni 10 za mwanzo, mwaka wa kwanza unabeba gharama ya milioni 15.

Wengi hukwama kwenye ankara. Fundi akiandika mstari mmoja tu, "kutengeneza tovuti, milioni 40", mhasibu hana pa kuanzia kugawa. Mgawanyo huo unapaswa kudaiwa kwenye mkataba, kabla ya kazi kuanza. Kwa waandishi wa programu walioajiriwa, kinachohitajika ni kumbukumbu ya saa walizotumia kwa kila kazi. Isitoshe, fedha ambazo zilikwisha kuingizwa kihalali kama gharama haziwezi kurudishwa baadaye kuwa mali, hata tovuti ikifanikiwa vipi.

Muda wa matumizi nao unataka ukweli. SIC-32 inasema uwe mfupi. Kampuni yetu ikiiacha tovuti hiyo mwishoni mwa mwaka wa pili na kujenga nyingine, vitabuni bado kuna milioni 15, na zote huangukia faida ya mwaka huo kwa mara moja.