Uamuzi upi, wa siku gani?

Mtu akiandika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno "uamuzi Mahakama ya Juu uchaguzi wa rais Kenya", anaweza kuwa anakusudia siku tano tofauti. Tarehe 30 Machi 2013 kesi ya Raila Odinga ilitupwa. Tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi wa Agosti 8 ulifutwa kwa kura nne za majaji dhidi ya mbili. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo majaji wakasoma sababu zao kwa kirefu. Tarehe 20 Novemba 2017 ushindi wa marudio ulithibitishwa, na tarehe 5 Septemba 2022 ukathibitishwa ushindi wa William Ruto. Siku zote hizo zilirushwa hewani. Jukwaa ni lilelile, na kichwa cha habari kilichobandikwa asubuhi ya tukio kwa kawaida huwa na sura moja: "MUBASHARA: Uamuzi wa Mahakama ya Juu".

Asubuhi hiyo kichwa cha aina hiyo kilitosha. Mtazamaji alikuwa anajua ni siku gani, kesi gani na kwa nini nchi nzima imetulia, kwa hiyo alihitaji mlango wa kuingilia tu. Baada ya miaka miwili anakuja mtu mwingine kabisa. Ni mwanafunzi wa sheria anayekumbuka kwamba kulikuwa na jaji mwanamke aliyepinga wenzake, au mwandishi wa habari anayekumbuka mabishano ya seva za tume ya uchaguzi. Hajui tarehe. Anachokijua ni kipande kidogo cha kilichosemwa, na kipande hicho hakimo kwenye kichwa.

Tuichukue rekodi ya 20 Septemba 2017, kwa kuwa ndiyo ngumu zaidi kati ya zote. Usomaji ulichukua saa nyingi, ulikuwa na sauti za majaji kadhaa, na ndugu yake wa Septemba 1, aliye mfupi na maarufu kuliko yeye, humfunika katika kila utafutaji. Mtunza rekodi afanye nini ili ionekane?

Kwanza aelewe anaandikia nani. Mtambo wa kutafuta hautazami video mpya kila mtu anapouliza swali. Unafungua faharasa iliyotengenezwa mapema, ambamo kila neno limeorodheshwa pamoja na rekodi lilimotokea, kama faharasa ya mwisho wa kitabu. Maneno hayo hutoka kwenye kichwa, maelezo, manukuu na lebo, yaani yale yote yanayoitwa metadata. Na maneno hayana uzito sawa. Mwaka 1972 mwanasayansi wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linalotokea katika hati chache lina nguvu kubwa ya kutofautisha kuliko neno lililotapakaa kila mahali. Kanuni yake bado imo ndani ya mitambo mingi ya leo, ingawa juu yake yameongezwa mengi. Tuseme chaneli ina rekodi 1,000, na 900 kati yake zina neno "mubashara". Uzito wa neno hilo ni logi ya 1,000 gawanya kwa 900, yaani kama 0.05. Jina "Ndung'u" likiwa katika rekodi mbili tu, uzito wake ni logi ya 500, yaani 2.7. Jina moja linashinda "mubashara" kwa karibu mara sitini.

Hapo ndipo kichwa kinapoanza kubadilika. "Mubashara" liondoke, maana tukio limekwisha na neno halibebi kitu. Herufi kubwa zote nazo ziondoke. Badala yake iwekwe tarehe kamili yenye mwaka, na jambo linalotofautisha siku hii na nyingine. YouTube inaruhusu herufi 100 katika kichwa, lakini kwenye simu nyingi mwisho wake hukatwa, kwa hiyo kinachotambulisha kikae mwanzoni: "Sababu za kufuta uchaguzi wa rais Kenya 2017: hukumu kamili, 20 Septemba 2017". Neno "sababu" na neno "kamili" ndiyo yanayoitenga rekodi hii na ile ya Septemba 1. Unaweza kudhani neno "seva" au "fomu 34A" lingeitenga vizuri zaidi. Haliwezi, kwa sababu kesi ya 2022 nayo ilijaa seva na fomu 34A. Mwaka na namba ya kesi, Petisheni Na. 1 ya 2017, ndivyo vinavyokata mzizi wa fitina.

Maelezo yana nafasi ya herufi 5,000, na wengi huyajaza viungo vya mitandao na wito wa kujiunga na chaneli. Ni hasara. Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kuendelea, basi iseme nani, nini, wapi na lini. Kisha ifuate aya ya kawaida, kwa lugha ya binadamu, inayotaja majina: Jaji Mkuu David Maraga, Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola kwa upande wa walio wengi, J.B. Ojwang na Njoki Ndung'u waliotofautiana. Mohamed Ibrahim hakushiriki uamuzi kwa sababu ya ugonjwa.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Mtambo unaolinganisha maneno jinsi yalivyoandikwa huona "ilibatilisha", "imebatilisha" na "kubatilishwa" kuwa maneno matatu yasiyo na undugu, kwa kuwa viambishi vyetu hukaa mbele na nyuma ya mzizi. Dawa si kurundika maneno. Andika sentensi mbili tatu za kweli ambamo tendo linatokea kwa sura tofauti, na mahali pamoja utumie "kufuta". Vivyo hivyo kwa "Mahakama ya Juu" na "Mahakama ya Upeo", kwani watu hutumia yote mawili. Tahajia zilizokosewa, kwa mfano "Ndungu" bila kibainishi, ziende kwenye lebo. YouTube wenyewe wanasema lebo zina mchango mdogo mno katika kugunduliwa kwa video, isipokuwa kwa maneno ambayo watu huyakosea mara kwa mara. Basi zitumike kwa kazi hiyo, na asiyezijaza zote asikose usingizi.

Sasa tuje kwenye sura, yaani orodha ya nyakati inayogawa rekodi ndefu. Nadhani hakuna kazi nyingine katika orodha hii inayolipa kama hii, kwa sababu mwanafunzi wetu hatafuti hukumu nzima, anatafuta sauti ya jaji mmoja ndani yake. Masharti ni machache: orodha ianze na 00:00, iwe na nyakati zisizopungua tatu zilizopangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, na kila sura iwe na sekunde 10 au zaidi. Sharti moja likivunjwa, sura zote hazitokei, na hakuna onyo linalotolewa. Utajua kwa kutazama mstari wa kuchezea: kama haujakatika vipande, rudi ukakague 00:00. Mfano ni huu. Mpangilio na nyakati si za rekodi halisi:

```
00:00 Majaji waingia
06:20 Hukumu ya walio wengi yaanza
1:33:30 Seva za tume na agizo la mahakama
3:16:20 Jaji Njoki Ndung'u: maoni ya kutofautiana
```

Angalia kwamba kila mstari unataja mtu au jambo. "Sehemu ya pili" haimsaidii yeyote.

Lakini kabla ya kuandika wakati hata mmoja, kata kwanza. Matangazo ya moja kwa moja huanza na picha ya viti vitupu na kumalizika kamera ikiwa imesahaulika. Tuseme umeondoa dakika 18 na sekunde 40 za mwanzo, na mapumziko ya dakika 45 katikati. Jambo lililokuwa 1:52:10 linahamia 1:33:30, na lililokuwa 4:20:00, baada ya mapumziko, linahamia 3:16:20. Aliyeandika sura kabla ya kukata atalazimika kutoa hesabu mbili tofauti, moja kwa kila upande wa mapumziko, na hapo ndipo sura zinapoharibika. Ukataji nao una mipaka: kihariri cha YouTube hakihifadhi mabadiliko ya video inayozidi saa 6, na video ikitazamwa zaidi ya mara 100,000 chaneli nyingi hunyimwa ruhusa ya kuikata. Kata mapema, ndani ya kihariri chenyewe. Kishawishi cha kufuta rekodi na kupandisha toleo safi ni kikubwa, ila anwani hubadilika, na viungo vyote vilivyosambazwa WhatsApp na kunukuliwa magazetini hufa siku hiyohiyo.

Kuhusu lugha, wengi hujikwaa palipo tambarare. Hukumu ile ilisomwa kwa Kiingereza, ilhali kichwa na maelezo yetu ni ya Kiswahili. YouTube ina sehemu mbili tofauti: lugha ya video, na lugha ya kichwa na maelezo. Ukijaza Kiswahili kwenye ya kwanza, unaiambia mashine ya manukuu isikilize maneno ambayo hayasemwi. Matokeo yake ni takataka, na takataka hiyo inaweza kuingia kwenye faharasa. Hata lugha ikiwekwa sawa, majina ya watu ndiyo hukosewa kwanza, kwa hiyo katika manukuu yanayojiandika yenyewe sahihisha hayo, mengine yanaweza kungoja.

Tarehe nayo iandike kwa mkono. Seva huhesabu kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, na tangazo lililoanza saa saba usiku linaweza kusomeka kuwa la jana. Na unapoandika "saa tano" ongeza 11:00, kwa sababu msomaji wa mbali na saa yetu atadhani ni alfajiri.

Hayo yote hukaa kwenye jukwaa tu. Mtu akipakua faili, anabaki na picha na jina kama `videoplayback.mp4`. Nakala yako ya akiba ibebe maelezo yake ndani, bila kugusa ubora wa picha:

```
ffmpeg -i mbichi.mp4 -c copy \
  -metadata title="Hukumu kamili, Petisheni 1 ya 2017" \
  -metadata date="2017-09-20" \
  -metadata:s:a:0 language=eng nakala.mp4
```

Baada ya mwezi, fungua takwimu za chaneli, sehemu ya vyanzo vya watazamaji, kisha utafutaji wa YouTube. Pale yameorodheshwa maneno ambayo watu waliyaandika wakafika kwenye rekodi. Ukikuta wote wamefika kwa "Maraga" na hakuna aliyefika kwa "Njoki Ndung'u", fungua dirisha la faragha, tafuta jina hilo pamoja na mwaka, na uone ni rekodi ya nani iliyokutangulia na imeandikwa nini. Kisha rudi ukasahihishe maelezo yako. Kichwa na maelezo ya YouTube vinaweza kubadilishwa wakati wowote, hata rekodi ikiwa na miaka kumi.