Ebola na mbiu isiyolia

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kila seli ya mwili wako ina mbiu yake, na siku virusi vinapoingia ndani yake, uhai wako hutegemea kama italia mapema au itazibwa. Ebola ni bingwa wa kuiziba.

Mbiu hiyo ilijulikana mwaka 1957. Wanasayansi wawili, Alick Isaacs wa Uingereza na Jean Lindenmann wa Uswisi, walikuwa wakifanya kazi London kwa kutumia utando wa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete. Waliuweka utando huo pamoja na virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto, wakasubiri, kisha wakachukua maji yaliyouzunguka na kuyamwagia utando mwingine mpya. Utando huo mpya ulipoletewa virusi vilivyo hai, ulivikatalia kuzaliana. Ndani ya maji mlikuwa na kitu kilichotolewa na seli za kwanza ili kuzitahadharisha nyingine. Wakakiita interferoni, yaani kinachoingilia kati na kuzuia.

Seli inajuaje kwamba imevamiwa? Inasoma ncha. Seli hutengeneza RNA zake kila dakika, nazo ni nakala za maagizo ya kutengenezea protini. Kabla ya kutoka kwenye kiini, ncha ya mwanzo ya nakala hizo huvishwa kofia, na nakala yenyewe ni uzi mmoja. Virusi kama Ebola, ambavyo urithi wao wote ni RNA, vinapojinakili huacha vipande vya nyuzi mbili zilizoshikana, na ncha zake huwa hazina kofia. Kwenye majimaji ya seli yupo mlinzi aitwaye RIG-I, protini ambayo kazi yake ni kupapasa ncha za namna hiyo. Akizikuta hupeleka habari hadi kwenye kiini cha seli, na kiini huagiza interferoni itengenezwe na kumwagwa nje.

Interferoni yenyewe haiui kirusi hata kimoja. Inakwenda kugonga mlango wa seli jirani, na kwenye seli hiyo mjumbe mwingine, STAT1, hukimbia kuelekea kwenye kiini kuwasha mamia ya jeni zilizokuwa zimelala. Hapo ndipo silaha hutolewa. Mojawapo ni PKR, protini inayokaa macho ikingoja RNA ya nyuzi mbili. Ikiiona, husimamisha utengenezaji wa protini wa seli nzima, ili kirusi kilichoingia kikose kiwanda cha kujizalisha. Silaha nyingine huamuru RNA zilizomo ndani zikatwekatwe. Seli inajidhuru yenyewe kwa kufanya hivyo, na wakati mwingine inakufa, lakini jirani zake hupona. Uchovu, homa na maumivu ya viungo ya siku za kwanza za mafua ni sehemu ya gharama ya ulinzi huu.

Sasa tuitazame Ebola, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1976, moja ya milipuko yake miwili ya mwaka huo ikiwa Yambuku, kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kirusi chake kina jeni 7 tu. Mbili kati ya hizo zimepewa kazi ya kuua mbiu, na hilo peke yake laonyesha jinsi mbiu inavyokitisha.

Protini ya kwanza inaitwa VP35. Kirusi kinaihitaji kwa kujinakili, lakini ina kazi ya pili: hukaa juu ya RNA ya nyuzi mbili na kuzifunika zile ncha ambazo RIG-I angezipapasa. Mlinzi anapita, anapapasa, hakuti kitu. PKR nayo huzuiwa na VP35 hiyohiyo. Watafiti walitaka kujua kama kweli kufunika huko ndiko kunakoleta maafa, basi wakatengeneza kirusi cha Ebola ambacho VP35 yake, yenye asidi amino 340, imebadilishwa asidi amino 2 tu, zile zinazoshika RNA. Kirusi hicho kiliweza kuendelea kujinakili, lakini panya-buku wa maabara waliodungwa nacho hawakuugua. Baadaye walipoletewa Ebola kali, walikuwa wamekwisha kupata kinga. Kwa maoni yangu, hakuna jaribio linaloeleza tabia ya Ebola kwa uwazi kuliko hili.

Protini ya pili, VP24, imewekwa kwa ajili ya siku ambayo mbiu italia licha ya hayo yote. Mjumbe STAT1 hawezi kuingia kwenye kiini peke yake. Hubebwa na protini ya uchukuzi ipitayo kwenye matundu ya kiini. VP24 huja na kuketi mahali palepale ambapo STAT1 angeketi. Mizigo mingine ya seli hushikwa kwenye sehemu tofauti ya mchukuzi huyo, kwa hiyo inaendelea kupita kama kawaida. Seli inasikia interferoni ikigonga, mjumbe anaondoka, lakini anakwama mlangoni.

Panya wadogo wa kawaida wametusaidia kuona uzito wa jambo hili. Ebola iliyotoka kwa binadamu haiwaui panya wakubwa wenye afya, kwa sababu ujanja wake haufui dafu mbele ya interferoni yao. Lakini panya waliozaliwa bila kipokezi cha interferoni huuawa na kirusi hichohicho. Na kirusi kilipozoeshwa maabara hadi kikaweza kuwaua panya wa kawaida, moja ya mabadiliko ya lazima yalipatikana kwenye VP24.

Msomaji atauliza: basi kwa nini wagonjwa wasidungwe interferoni? Lilijaribiwa kwa nyani wa maabara. Walioipata waliishi muda mrefu kidogo, kisha wengi wao wakafa. Seli ambayo tayari imejaa VP24 hupigiwa mbiu bure. Isitoshe, seli za kwanza kushambuliwa na Ebola ni askari wa kinga wenyewe, na hao wakishashindwa humwaga kemikali za uvimbe kwa wingi unaoharibu mishipa ya damu. Kwa hiyo mwili unakaa kimya wakati ambapo ungepaswa kupiga kelele, halafu unapiga kelele wakati ambapo kelele hizo zinaumiza.

Dawa zilizofanya kazi zimepita njia nyingine. Wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020, uliochukua watu zaidi ya 2,200, dawa nne zililinganishwa kwa wagonjwa wa huko Kongo. Mbili zilizoshinda ni kingamwili, na moja kati ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kingamwili haziingii ndani ya seli kushindana na VP35. Hukikamata kirusi nje, kabla hakijaingia. Ndiyo maana siku ya kufika hospitali ina uzito kuliko jina la dawa. Miongoni mwa wote waliopewa kingamwili hizo mbili, takriban mtu 1 kati ya 3 alifariki. Miongoni mwa waliofika virusi vikiwa bado vichache katika damu, alifariki takriban 1 kati ya 10.