Imani ya kweli isiyo maarifa: tatizo la Gettier

Kwa muda mrefu wanafalsafa wengi wameyaeleza maarifa kwa masharti matatu: mtu hujua jambo iwapo analiamini, jambo lenyewe ni la kweli, naye ana sababu za kutosha za kuliamini. Mwaka 1963 Mwamerika Edmund Gettier, katika makala ya kurasa tatu tu, alionyesha kwamba masharti hayo yote yaweza kutimia na maarifa yasiwepo.

Mfano wake wa kwanza ni huu. Smith na Jones wameomba kazi moja. Mkuu wa kampuni amemhakikishia Smith kwamba atakayechaguliwa ni Jones, na Smith mwenyewe amehesabu sarafu kumi mfukoni mwa Jones. Kwa hiyo anaamini kwamba atakayepata kazi ana sarafu kumi mfukoni. Kumbe atakayechaguliwa ni Smith, na yeye pia, bila kufahamu, ana sarafu kumi. Aliloamini ni kweli na sababu zake ni nzuri, lakini ni vigumu kusema kwamba alijua. Sababu zake zamhusu Jones, hali ukweli watoka katika mfuko wake mwenyewe. Viwili hivyo vimekutana kwa bahati.

Mwaka uleule Michael Clark alipendekeza sharti la nne: hoja isipitie katika jambo lolote la uongo. Smith alipitia uongo, yaani kwamba Jones atapata kazi, hivyo hakujua.

Dawa hiyo haikutosha. Mwaka 1976 Alvin Goldman alieleza habari za Henry, anayepita kwa gari mashambani, akaona ghala na kuamini kwamba ni ghala. Ni ghala kweli. Lakini wilaya ile imejaa maghala bandia, yaliyo na ukuta wa mbele tu, ambayo mpita njia hawezi kuyatambua. Henry hakujenga hoja juu ya uongo. Hata hivyo, wengi hukataa kwamba anajua, kwani angalitazama jirani yake angalidanganyika. Kwa Goldman, kujua ni kuweza kupambanua ukweli na hali nyingine zinazohusika. Swali linalobaki ni hili: hali zipi zinahusika? Ikiwa maghala bandia yako wilaya ya pili, je, Henry anajua?

Mwaka 1994 Linda Zagzebski alionyesha chanzo cha taabu. Maadamu sababu nzuri zaweza kuandamana na uongo, yatosha kuchukua imani yenye sababu nzuri iliyokosa ukweli kwa bahati mbaya, kisha kuongeza bahati njema inayoirudisha kwenye ukweli. Mfano mpya wa Gettier umepatikana. Kuziba nafasi hiyo kwahitaji sababu zisizoweza kamwe kukosea. Lakini kwa kipimo hicho, mengi tunayoambiwa na mashahidi, au hata na macho yetu, hayatahesabiwa tena kuwa maarifa.