Regulata, Bomba na Pete ya Mpira: Njia ya Gesi Kutoka Mtungini Hadi Jikoni

Watu wengi wanaotumia gesi ya kupikia hutazama kwanza bomba la mpira wanapoukagua mtambo wao, kwa kuwa ndilo refu na ndilo linaloonekana. Aghalabu pete ndogo ya mpira iliyo kati ya mtungi na regulata haitazamwi kabisa. Hata hivyo, pete hiyo hubeba shinikizo kubwa mno kuliko lile linalobebwa na bomba. Ili kuelewa sababu yake, yafaa kuifuata gesi tangu inapotoka mtungini hadi inapofika jikoni.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi sehemu kubwa yake ni kimiminiko, na juu ya kimiminiko hicho imo gesi iliyobanwa. Katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, butani tupu husukuma kwa shinikizo la karibu bari 2 kuzidi lile la hewa, na propani tupu kwa karibu bari 10. Mchanganyiko huwa katikati. Tuchukue bari 5 kuwa mfano wetu. Shinikizo hilo ni sawa na la maji yenye kina cha mita 50. Majiko mengi ya nyumbani, kwa upande wake, yametengenezwa kupokea milibari 30 tu, yaani shinikizo la maji yenye kina cha sentimita 30, ambao ni urefu wa rula ya mwanafunzi. Kazi ya regulata ni kushusha mita 50 ziwe sentimita 30.

Ndani ya regulata mna kiwambo cha mpira kilichokandamizwa na springi. Gesi inapozidi upande wa jikoni, hukisukuma kiwambo juu, nacho huufunga kidogo mlango wa kuingilia gesi. Jiko likitumia gesi, shinikizo hupungua, kiwambo hushuka na mlango hufunguka tena. Juu ya kiwambo pana kitundu kidogo kinachopitisha hewa ya nje. Kitundu hicho kikizibwa na mafuta, masizi au wadudu, kiwambo hakiwezi kufanya kazi sawasawa. Kikitoa harufu ya gesi, ni dalili kwamba kiwambo kimepasuka. Regulata hiyo hairekebishwi nyumbani bali hubadilishwa.

Jambo la kwanza katika ukaguzi, basi, ni kusoma maandishi yaliyo juu ya regulata na yale yaliyo kwenye jiko. Ikiwa jiko linataka 30 mbar, regulata nayo iandikwe hivyo. Zipo regulata nyingine zenye kitasa cha kuongeza na kupunguza, ambazo hutumika kwa majiko makubwa ya mikahawa na huweza kutoa shinikizo la bari nzima au zaidi. Regulata ya aina hiyo haifai kabisa kwa jiko la nyumbani: mwali hurefuka na kuruka kutoka kwenye kichomeo, na bomba hubeba shinikizo lisilokusudiwa. Aidha, shingo ya regulata iwe ya kipimo cha vali ya mtungi wenyewe. Ikihitaji kulazimishwa au kugongwa ndipo ishike, si mahali pake.

Jambo la pili ni bomba. Bomba linalofaa huwa na maandishi yanayotaja kwamba ni la gesi ya aina hii, na mara nyingi mwaka lilipotengenezwa. Bomba la maji halifai, hata likionekana imara. Sababu ni ya kikemia: propani na butani ni haidrokaboni, na mpira wa asili pia umeundwa kwa haidrokaboni, kwa hiyo gesi hupenya ndani yake na kuuvimbisha. Mpira wa nitrili, unaotumiwa kwa vifaa vya gesi, hustahimili upenyaji huo. Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa kutia mpira wa kufungia noti na oringi ya nitrili katika mafuta ya taa, ndani ya chupa iliyofunikwa na kuwekwa mbali na moto. Baada ya siku moja wanafunzi wapime vyote viwili na kulinganisha na vipimo vya awali.

Ili kulikagua bomba, mtungi hufungwa kwanza, kisha bomba hukunjwa polepole juu ya kidole gumba, kipande baada ya kipande. Nyufa ambazo hazionekani bomba likiwa limenyooka hufunguka upande wa nje wa kunjo. Miisho yake ichunguzwe zaidi, kwa maana hapo ndipo mpira huchoka mapema. Ifungwe kwa vibanio vyake maalumu, si kwa waya, kwani waya hukata mpira.

Sasa turudi kwenye pete. Katika mitungi mingi ambayo regulata yake hukandamizwa juu ya vali hadi ikashika, pete imo ndani ya koo la vali ya mtungi. Katika aina nyingine imo kwenye regulata. Pale ilipo vali, kila mtungi mpya huja na pete yake, nzima au mbovu, hata kama regulata na bomba ni vilevile vya jana. Zaidi ya hayo, pete imekaa kabla ya regulata. Tundu lililo kwenye bomba huvujisha gesi ya milibari 30. Tundu la ukubwa uleule kwenye pete huvujisha gesi ya bari 5, na kiasi kinachotoka huzidi mara kumi.

Tuseme mtungi wa kilo 15 umeletwa nyumbani. Mwenye nyumba anaondoa kifuniko, anatazama koo la vali kwa mwanga wa mchana na kuona pete imo. Anafunga regulata. Mioto yote imezimwa na vitasa vya jiko vimefungwa. Hapo anafungua regulata, kwa maana ikiwa imefungwa gesi haiifikii pete na kipimo hakina maana. Anapaka povu zito la sabuni kuzunguka kiungo cha vali, kisha mwilini mwa regulata, kwenye vibanio na kando ya bomba. Baada ya nusu dakika mapovu yanafura kwenye kiungo cha vali peke yake. Anaifunga regulata, anaiondoa na kuifunga upya, mapovu yanarudi. Anapoitazama pete kwa makini zaidi anaona imebapa upande mmoja na ina ufa. Anaifunga regulata na kuiondoa, anarudisha kifuniko, anautoa mtungi nje na kumrudishia muuzaji. Hakati kipande cha tyubu ya baiskeli ili kuziba, wala hapaki grisi, kwani vyote viwili vingefaulu kwa siku chache tu.

Lakini povu lina mipaka yake. Huonyesha mahali gesi inapovuja saa hiyo. Halionyeshi kwamba regulata ina shinikizo lisilofaa, wala kwamba bomba lenye nyufa litapasuka kesho. Ndiyo maana kusoma maandishi na kukunja bomba hutangulia. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa sakafuni. Anayeshuku uvujaji anuse chini, afungue milango, asiguse swichi ya umeme, na asitafute tundu kwa kibiriti.