Mende Ndani ya Printa, Vumbi Kwenye Kioo

Agosti moja niliitwa kwenye steshenari hapa Dodoma, duka dogo lililo kando ya barabara ya vumbi, karibu na shule. Mwenye duka alikuwa na printa ya leza ya kawaida, zile nyeusi za mezani, na tangu asubuhi ilikuwa inamwandikia maneno mawili tu kwenye kioo chake: `Paper Jam`. Yaani karatasi imekwama. “Fundi, nimeifungua mara kumi,” aliniambia. “Karatasi hakuna.” Mtu mwingine alikuwa ameshaitazama na kumwambia bodi imekufa, anunue nyingine.

Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua mlango wa nyuma na kumulika kwa tochi. Pale karatasi inapotokea kuna kijiti cheusi cha plastiki, kifupi kuliko kidole cha mtoto. Karatasi ikipita hukisukuma, ikishapita kijiti hurudi mahali pake. Upande wa pili wa kijiti kuna mwali mdogo wa mwanga, na kwa kuuziba na kuuachia ndipo printa inajua kama karatasi ipo au imeondoka. Nilikibonyeza, hakikurudi. Kwenye bawaba yake alikuwa amebanwa mende mchanga aliyekauka, mdogo kama punje ya mchele. Nilimtoa kwa kibano, nikasafisha bawaba kwa brashi laini, nikawasha. Dakika kumi, kazi imekwisha, na bodi ilikuwa nzima kabisa.

Basi, printa ikisema karatasi imekwama na karatasi hakuna, usikimbilie kuhukumu bodi. Tafuta kwanza vijiti hivi. Kimoja huwa karibu na trei, kingine katikati ya njia ya karatasi, kingine kwenye mlango wa kutokea. Kila kimoja kiguse taratibu kwa kidole. Kizima huruka na kurudi chenyewe.

Lakini kumtoa mende mmoja ni nusu ya kazi. Nilimuuliza mama yule, “Chai mnanywea wapi?” Akaonyesha meza ileile ya printa. Jibu lilikuwa hapo.

Mende anayependa vyombo vya umeme ni yule mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Mkubwa wa chooni na kwenye makaro huingia pia, ila si mara nyingi. Huyu mdogo hutafuta vitu vitatu: joto, giza na mahali pembamba ambapo mgongo na tumbo vyote vinagusa ukuta. Printa ya leza inampa vyote. Ndani yake kuna roli ya kuunguzia wino, ambayo mafundi tunaiita fyuza, na wakati wa kuchapa joto lake hufikia karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Hata ikiwa imepumzika, sehemu inayopokea umeme wa ukutani hubaki na uvuguvugu usiku kucha ikiwa printa haikuzimwa. Chakula si lazima kiwe ndani. Chembe za andazi na tone la chai yenye sukari mezani vinatosha. Mende atakula nje na kulala ndani.

Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, kwa hiyo jike mmoja aliyehamia kwenye printa ni ukoo mzima. Tena kinyesi chao kina harufu inayowaita wenzao, ndiyo maana printa iliyowahi kuwa na mende bila kusafishwa hupata wengine upesi. Kinyesi hichohicho kikishika unyevu juu ya bodi hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita, na hapo ndipo printa hufa kweli. Ukiona vidoa vyeusi kama unga wa kahawa kwenye matundu ya hewa, au ukisikia harufu nzito ya uvundo printa inapopata joto, usisubiri ujumbe kwenye kioo.

Sisimizi wana tabia nyingine. Wao huja kwa msafara, na daraja lao wanalolipenda ni waya wa umeme, kwa sababu unatoka ukutani hadi ndani ya mashine bila kukatika. Wakipata joto na ukavu huweza kuhamishia humo hata mayai yao. Na baadhi ya aina, sisimizi akipigwa na umeme hutoa harufu ya hatari ambayo huwavuta wenzake badala ya kuwafukuza, nao hufia palepale, rundo juu ya rundo.

Hapo ndipo watu wengi hufanya kosa kubwa: kuchukua kopo la dawa ya wadudu na kupuliza kwenye matundu. Gesi inayosukuma dawa hiyo huwaka moto, na ndani kuna roli yenye joto kali na umeme. Hata isipolipuka, dawa huacha mafuta mepesi kwenye roli za mpira, vioo na bodi, na vumbi lote linalopita baada ya hapo hunata. Halafu kuna wale sisimizi wadogo wa manjano. Ukiwapulizia, kundi lao hugawanyika, na badala ya kiota kimoja unapata vitatu.

Sasa vumbi, ambalo kwa Dodoma ndilo adui wa kila siku. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hakuna, na upepo unabeba udongo laini hadi ndani ya kabati lililofungwa. Printa ina feni inayovuta hewa ili isipate joto kupita kiasi, na hewa ile inakuja na udongo wake. Humo ndani kuna pia umeme tuli, uleule unaovuta unga wa wino kwenye karatasi, nao huvuta vumbi vilevile.

Vumbi hujionyesha kwa dalili mbili ninazokutana nazo sana. Ya kwanza ni printa kushindwa kuvuta karatasi, au kuivuta baada ya kujaribu mara tatu. Roli ya mpira iliyo juu ya trei imepakwa udongo na unga wa karatasi, inateleza. Hapa dawa ni kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi. Futa mpira huku ukiuzungusha, uache ukauke, kisha rudisha. Spirti usiizoee kwenye mpira, huukausha. Roli ikishakuwa laini na kung'aa kama kioo imechakaa, na kufuta hakutasaidia. Nunua nyingine, si ghali.

Ya pili ni mstari mweupe au uliofifia unaoshuka kwenye ukurasa kutoka juu hadi chini, siku zote mahali palepale. Wengi hudhani wino umekwisha, wananunua katriji ya tona, na mstari unabaki. Jaribu hivi. Toa katriji, itikise taratibu kulia na kushoto, irudishe, chapa. Mstari ukipungua au ukihama, tona inaisha. Ukibaki palepale, azima katriji ya printa nyingine ya aina hiyohiyo. Kama bado upo, vumbi limetua kwenye kioo chembamba ambacho mwali wa leza hupitia, au kwenye vioo vya ndani yake. Kile cha nje, katika printa nyingi, hufikiwa ukishatoa katriji. Chomoa waya wa umeme, kisha kifute kwa kitambaa kikavu cha miwani. Vya ndani mwachie fundi. Na katriji uliyoitoa ifunike kwa nguo nzito, maana ina mtungi unaoharibiwa na mwanga.

Neno kuhusu mashine ya kupuliza upepo, ile ambayo mafundi wa kompyuta hawaachi nyumbani. Kwenye printa ya leza mimi siitumii. Upepo wake hulisukuma vumbi kutoka mahali lilipokuwa halina madhara hadi kwenye vioo na vijiti vya mwanga. Na tona iliyomwagika hutapakaa hewani, mkaivuta puani. Tumia brashi laini ya rangi, ukifagia kuelekea nje. Mashine ya kuvutia vumbi ya nyumbani pia haifai kwa tona, kwa kuwa chembe zake hupita kwenye kichujio na kurudi chumbani. Tona ikikumwagikia kwenye nguo, ikung'ute, kisha ioshe kwa maji baridi. Ya moto huiyeyusha ikashika moja kwa moja.

Turudi dukani. Matundu ya printa huwezi kuyaziba, kwa sababu hewa inayoingiza vumbi ndiyo inayoipoza mashine. Mtu mmoja niliyemjua alibandika kitambaa cha soksi kwenye matundu. Baada ya majuma machache kitambaa kilijaa udongo, na printa ikawa inajizima kwa joto. Ulinzi lazima uanze nje ya mashine, kwenye meza na chumba.

Tulichofanya kwa mama yule ni hiki. Tuliitoa printa karibu na mlango, tukaiweka kwenye meza ya peke yake, mbali na ukuta kiasi cha upana wa viganja viwili. Chini ya kila mguu wa meza tuliweka kopo la maji yenye sabuni kidogo, kama bibi zetu walivyofanya kwa kabati la chakula. Waya wa umeme ulibaki kuwa daraja, kwa hiyo tuliuzungushia gundi ya karatasi, upande unaonata ukiwa nje, karibu na soketi, na gundi hiyo inabadilishwa ikijaa vumbi. Chai ilihamia nyuma ya duka. Jeli ya chambo ya mende tuliiweka kwa matone madogo nyuma ya kabati na chini ya rafu, kamwe si ndani ya printa, na karibu nayo hatukupuliza dawa yoyote, maana mende wangeikwepa. Maboksi matupu yaliyorundikwa kwenye kona yalitolewa siku hiyohiyo, kwa kuwa ndani ya mikunjo yake ndimo mende husafiri kutoka ghala hadi ghala.

Karatasi nazo zilibadilishiwa utaratibu. Rimu haifunguliwi yote. Kinachotosha kazi ya siku ndicho kinachoingia kwenye trei, kilichobaki kinarudi kwenye mfuko wake. Asubuhi sakafu hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, printa ikiwa bado imezimwa na kufunikwa.

Kufunika nako kuna wakati wake. Jioni printa huzimwa kwa kitufe chake, kisha ukutani, ikaachwa nusu saa ipoe, ndipo inafunikwa kwa nguo ya pamba. Ikifunikwa ikiwa ya moto, joto halina pa kutokea. Nailoni haifai, hasa kwa ndugu zetu wa Pwani, hutunza unyevu. Na wenye printa za wino wa maji wasichomoe ukutani kabla ya kubonyeza kitufe, kwa sababu kitufe ndicho kinachokiegesha kichwa cha wino kwenye kifuniko chake kisikauke.

Ukinunua printa iliyotumika, iwe ya Kariakoo au ya jirani, usiipeleke moja kwa moja dukani. Itie kwenye mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na mtego wa gundi wa mende, ufunge, ukae siku tatu au nne kivulini. Mtego ukitoka na mende hata mmoja, ifunguliwe na kusafishwa na fundi kwanza.

Na kopo la dawa ya kupuliza, tafadhali, lisikaribie printa kabisa.